Tuko wawili dawati la malipo, vocha nyingi zinaishia kwangu. Namwelezaje mwenzangu bila kuonekana namsema?

Nkuhungu_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Niko idara ya fedha kwenye halmashauri moja hapa mkoani Dodoma. Dawati letu la kukagua vocha na kuziingiza kwenye mfumo lina watu wawili, mimi na mama mmoja aliyenizidi umri kama miaka kumi na tano, na kwa daraja pia yuko juu yangu. Nimwite Mama F. Vocha zote zinawekwa kwenye trei moja, anayemaliza moja anachukua nyingine. Kinachotokea ni kwamba mimi nachukua, nachukua, nachukua, yeye jioni amegusa chache. Sasa tuko Mei, mwezi ujao idara zote zinakimbizana na tarehe 30, mwisho wa mwaka wa fedha, na najua kabisa nani atakayebaki ofisini mpaka saa mbili usiku.

Ni mtu mwema, hatuna ugomvi, chai ya saa nne tunakunywa meza moja. Sitaki kumshitaki kwa mweka hazina. Nataka kujua namna ya kulileta jambo hili lieleweke kama jambo la kazi. Nikijaribu kupanga maneno kichwani kila sentensi inatoka kama lawama.

ZabibuChungu
Omba uhamisho ESS mkuu. Maisha mafupi.

Nkuhungu_Kwetu
Sijauliza uhamisho mkuu 😄 Napapenda hapa.

Kijana_wa_Makole
Dawa yake ni PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wetu. Wewe jaza kila unachofanya, kila wiki, usiache kitu. Mwisho wa mwaka takwimu zitaongea zenyewe na wala hutafungua mdomo. Enzi za OPRAS mtu alijaza fomu mara moja akaisahau, sasa hivi hakuna kujificha.

Mkaguzi_Mstaafu
Kijana wa Makole yuko sahihi nusu. PEPMIS inaonyesha kazi ulizojipangia na msimamizi wako na umezifikisha wapi. Haionyeshi ya mwenzako umeibeba kiasi gani. Kama lengo lenu limeandikwa "kukagua na kuingiza vocha za malipo kwa wakati", na vocha zikatoka kwa wakati kwa sababu ya mgongo wako, nyote wawili mnaonekana mmefikia lengo. Umemsaidia yeye kupata alama. Ili mfumo ukusaidie, lengo lenyewe lazima liandikwe kwa mafungu: huyu anashika idara hizi, yule idara zile. Na hapo tunarudi palepale, kwamba mgawanyo lazima mkubaliane kwanza mezani.

Mwenye uzi, kabla ya maneno, tuanze na trei. Trei moja ya watu wawili ni mtego. Anayefanya haraka ndiye anayeongezewa, na anayefanya polepole anapunguziwa, bila mtu yeyote kuamua hivyo. Halafu maofisa wa idara wana macho. Wakishajua vocha ikiwa mkononi mwako inatoka leo, hawaweki tena kwenye trei, wanakuletea wewe mkononi na salamu juu. Hata mwenzako angekuwa mchapakazi, baada ya miezi mitatu mzigo ungeegemea upande mmoja.

Nina maswali mawili. Mnalo daftari la kupokea vocha? Na zilizo kwake zikichelewa, zinachelewa zikiwa hatua gani?

Nkuhungu_Kwetu
Daftari lipo, anaandika mhudumu wa masjala: tarehe ya kuingia, idara, mlipwaji, kiasi, nani kachukua, tarehe ya kutoka. Nimelipitia la wiki mbili zilizopita. Siku 10 za kazi zimeingia vocha 146. Nimechukua 104, yeye 42. Yaani mimi asilimia 71.

Hatua gani zinakwama sijaangalia.

Hombolo84
104 kwa 42! Piga picha hizo kurasa uweke kwenye simu. Na kuanzia kesho fungua daftari lako la siri, andika saa anayoingia, saa anayotoka, mara ngapi yuko kwenye simu. Siku ya siku wakikugeuka una ushahidi.

Mkaguzi_Mstaafu
Hombolo, hilo la daftari la siri nalikataa moja kwa moja. Siri za ofisini hazikai, siku moja litaonekana likiwa wazi mezani, na kuanzia hapo hakuna sentensi ya adabu itakayosikika. Tena halihitajiki. Daftari la masjala ni la ofisi, limeandikwa na mtu wa tatu, kila mtu anaruhusiwa kulisoma. Hilo linatosha. Habari ya simu na saa za kuingia iachwe kabisa, maana mkianza kuhesabu dakika za mtu tayari mmehama kwenye kazi mmeingia kwenye tabia yake, na tabia ndiyo inayomfanya mtu ajitetee.

Sasa Nkuhungu, namba 104 kwa 42 usiende nayo kokote bado. Mama F akikujibu "wewe unachukua nyepesi", una jibu gani? Rudi kwenye daftari na vocha zenyewe, uzigawe makundi mawili tu. Nyepesi: mlipwaji mmoja, ankara, hati ya kupokea mzigo, risiti ya EFD, unatazama kodi ya zuio asilimia 2 ya bidhaa au 5 ya huduma, salio la kifungu, umemaliza. Nzito: posho ya kujikimu ya watu thelathini na kitu, ambapo kila jina unalinganisha na daraja, siku za safari na namba ya akaunti, au malipo ya mkandarasi yenye cheti cha kazi na makato ya nyuma. Nyepesi ihesabu 1, nzito ihesabu 3. Si kipimo cha kisayansi, ila ni kipimo ambacho mtu yeyote wa dawati lile atakikubali akikiona.

MamaKizota
Na uhesabu pia kazi zake zisizopita kwenye trei. Watu wa umri wangu ofisini tunatumwa sana. "Mama hebu nenda benki mara moja", "mama kaa na wageni wa ukaguzi", "mama ingia kikao kwa niaba yangu". Kijana wa meza ya pili anaona kiti kitupu tu, hajui nani kamtuma.

Nkuhungu_Kwetu
Nimerudi. Imenichukua jioni nzima lakini imenifungua macho.

Zangu 104: nyepesi 92, nzito 12. Kwa kipimo cha Mkaguzi ni 92 na 36, jumla 128.
Zake 42: nyepesi 24, nzito 18. Ni 24 na 54, jumla 78.

Yaani kwa mzigo halisi mimi ni 62 kwa mia, yeye 38. Pengo bado lipo lakini si lile nililokuwa nalibeba kichwani. Na MamaKizota umenikumbusha, usuluhisho wa benki wa kila mwezi anaufanya yeye, sikuwa nimeuhesabu popote.

Halafu lile swali la hatua. Leo asubuhi kulikuwa na vocha 19 zilizokaa zaidi ya siku tatu, zote zikiwa upande wake. Katika hizo, 14 zimeshakaguliwa kwenye karatasi, tiki za kalamu nyekundu zipo, saini yake ipo. Hazijaingizwa kwenye MUSE, mfumo wetu wa malipo. Tano tu ndizo hazijaguswa.

Mkaguzi_Mstaafu
Hapo sasa umepata kitu. Rundo la vocha linasema limekwama kwa nini ukilitazama limesimama wapi. Zisizoguswa kabisa maana yake mtu hayupo mezani: ametumwa, anaumwa, au kweli ameziacha. Zinazorudishwa idarani kwa wingi, soma sababu za kurudishwa. Kama ni "risiti ya EFD haipo" au "kifungu si sahihi", huyo anafanya kazi nzuri na wewe unayepitisha haraka ndiye wa kutazamwa. Kama sababu hazieleweki, huenda hana uhakika na kanuni na anarudisha ili kujikinga. Zilizokaguliwa kwenye karatasi na hazijaingizwa, kama hizo 14, shida iko kati ya kalamu na kompyuta. Mtu anajua kazi, anaogopa mfumo, au kompyuta yake ni ile ya kuwaka nusu saa, au macho yanamsumbua kwenye yale maandishi madogo.

Tazama jinsi mazungumzo yanavyobadilika. Ulikuwa unakwenda kumwambia mtu mzima kwamba hafanyi kazi. Sasa unakwenda kuuliza kwa nini vocha 14 zilizokwisha kukaguliwa hazijaingia kwenye mfumo.

ZabibuChungu
Kwani si aingize yeye Nkuhungu? Mama ampe nywila yake, kijana anaingia kwa jina la mama anamaliza zote kwa saa moja. Amani imerudi.

Mkaguzi_Mstaafu
Zabibu, hiyo ndiyo njia ya haraka ya wote wawili kuitwa kwenye kamati ya nidhamu. Kila mtumiaji wa mfumo ana jina lake na anawajibika kwa kila kilichofanyika kwa jina hilo. Ikilipwa mara mbili au ikaenda akaunti isiyo yake, kumbukumbu itasema Mama F, na Mama F atasema alikuwa kijana. Nywila haiazimwi, hata kwa nia njema, hata tarehe 30 Juni saa nne usiku.

Kinachoruhusiwa ni yeye kukaa kwenye kompyuta yake, kwa jina lake, wewe ukiwa pembeni, aingize vocha mbili tatu mpaka mkono uzoee.

Sista_Ilazo
Samahani naingilia, mimi niko hospitali, si uhasibu. Kwetu mwenzangu anachelewa kupokea zamu ya usiku, robo saa, nusu saa, na mimi siwezi kuondoka wodi ikiwa tupu. Hii ya kuhesabu nyepesi na nzito nitaitumiaje?

MamaKizota
Sista, yako ni tofauti kidogo. Kwenu kinachobebwa ni muda, si idadi, kwa hiyo hakuna haja ya kupima uzito. Kitabu cha makabidhiano ya zamu kina sehemu ya saa. Kila mmoja aandike saa halisi aliyokabidhi na aliyopokea, wote, wewe ukiwa wa kwanza kuandika za kwako pamoja na siku ulizochelewa. Halafu usimuulize kwa nini unachelewa. Muulize anatoka wapi na usafiri wa saa hizo ukoje. Kama anatoka Ihumwa kwa daladala jioni, huenda jibu ni kubadilishana naye ratiba, au msogeze saa ya makabidhiano kwa makubaliano na muuguzi kiongozi. Asipokuwa na sababu hiyo, angalau umeuliza swali ambalo halikumvua nguo.

Sista_Ilazo
Anatoka Kikombo. Asante mama, nitaanza na hapo.

Kijana_wa_Makole
Kwa nini asitumie utani tu? Sisi watu wa huku utani umetusaidia mengi. Asubuhi unamwambia "Mama leo trei imenikodolea macho peke yangu, umeisusa?" Anacheka, anaelewa, anachukua.

MamaKizota
Utani una mipaka mwanangu. Unafaa mkiwa sawasawa na jambo likiwa jepesi. Hapa kijana ni mdogo kwa umri na kwa daraja, na utani wa ofisini haufanywi faragha, unafanywa watu wakisikia. Mama atacheka, ndiyo. Kisha atakwenda nyumbani na lile neno. Kesho yake anakuitikia "marahaba" ya baridi, na wewe utakaa unajiuliza kulikoni.

Mambo mengine ya namna hiyo: usiliseme kwenye grupu la Wasapu la idara hata kwa mafumbo. Usiliseme kwenye chai, maana pale mnakaa na watu wa manunuzi. Usiliseme Ijumaa mchana, atakaa nalo siku mbili bila mahali pa kulitua. Chagua asubuhi ya Jumanne au Jumatano, kabla maofisa wa idara hawajaanza kumiminika, mkiwa wawili ofisini. Shikamoo yako kamili, uulize nyumbani, ukae. Usiongee umesimama juu ya meza yake.

Nkuhungu_Kwetu
Sawa mama. Sasa maneno yenyewe? Hapo ndipo nakwama. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mama, naomba nikuambie kitu usichukie. Naona kila siku mimi ndiye ninayefanya vocha nyingi, nachoka, naomba na wewe ujitahidi kidogo."

MamaKizota
Uwii. "Usichukie" inamwandaa achukie. "Kila siku" atakutafutia siku moja ambayo haikuwa hivyo na mjadala umekwisha. "Ujitahidi" unamwambia mtu mzima kwamba ni mvivu. Futa yote.

Mkaguzi_Mstaafu
Anza na kazi iliyo mbele yenu, kisha kitu kinachoonekana, kisha swali ambalo hulijui jibu lake. Mfano:

"Mama, Juni inakuja na mwaka jana trei ilitulemea. Nimepitia daftari la masjala la wiki mbili, vocha 146. Kuna 14 zimeshakaguliwa vizuri kabisa ila hazijaingia kwenye mfumo. Nilitaka nikuulize, pale zinakwama wapi?"

Kisha unyamaze. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanauliza, halafu kwa aibu wanajibu wenyewe: "labda kompyuta ni mbovu, labda uko bize, si neno, mimi nitazimalizia". Umeondoka na vocha 14 zaidi ya ulizokuja nazo. Mwache ajibu, hata ikichukua muda.

Angalia pia hakuna mahali umesema "umekwamisha". Vocha zimekwama, trei imelemea. Na namba za 62 kwa 38 usizitoe kwanza. Ziko mfukoni kwa ajili ya kugawana mafungu, si kwa ajili ya kumshinda.

Nkuhungu_Kwetu
Na akisema "kwa hiyo unasema mimi sifanyi kazi?" Maana najua inaweza kutoka hivyo.

Mkaguzi_Mstaafu
Usianze kujitetea wala kumsomea namba. "Hapana Mama, zile nzito za posho nyingi umezifanya wewe, nimeziona kwenye daftari. Ninachouliza ni hizi 14 tu." Hiyo ni kweli, 18 kwa 12, kwa hiyo hujampaka mafuta. Akiendelea kukasirika, ahirisha: "Basi Mama, tuliache leo, naomba tulitazame tena kesho tukiwa na daftari." Na kesho ulirudie kweli, maana usiporudi atajua kwamba ukali unafanya kazi.

MamaKizota
Mimi naogopa jibu jingine zaidi ya hilo la hasira. "Sawa, nimekusikia." Au "tutaangalia". Kwetu hilo mara nyingi ni njia ya heshima ya kufunga mlango. Namna ya kulijua ni kwamba halina jina la kitu wala siku ndani yake. Kwa hiyo usiondoke na "sawa" tupu. Ongeza ombi dogo lenye mpaka: "Basi Mama, kuanzia Jumatatu wewe ushike idara zipi na mimi zipi? Chagua wewe kwanza." Kumpa achague kwanza ni heshima yake kama mkubwa, na pia anayechagua mwenyewe hawezi kusema amepangiwa na mtoto.

Hombolo84
Akichagua nyepesi zote?

Mkaguzi_Mstaafu
Ndiyo maana ya ule uzito. Orodhesheni idara kwenye karatasi moja, kila idara na jumla yake ya wiki mbili kwa kile kipimo cha 1 na 3. Jumla yote ni 206. Kila mmoja akichagua mpaka akaribie 103, hakuna wa kulalamika. Kama usuluhisho wa benki unabaki kwake, mpunguzie, tuseme yeye aishie 90 na wewe 116. Ndiyo, bado utabeba zaidi kidogo, lakini unajua kwa nini, na imeandikwa.

Halafu trei ziwe mbili, zimeandikwa majina ya idara na si majina yenu. Mhudumu wa masjala aelezwe vocha za kilimo ziende trei hii, za elimu trei ile. Hapo ndipo kazi yako ngumu inaanzia, maana ofisa atakuja na vocha iliyo kwenye trei ya Mama F akakwambia "mdogo wangu nisaidie, wewe una mkono mwepesi". Ukiipokea hata moja, mgawanyo umekufa kabla ya wiki kuisha. Jibu ni fupi: "Hiyo ya kwenu iko meza ya Mama F, mwone." Usiongeze neno. Ukiongeza "sijui kama ameshaifanya" au ukivuta uso, umemsema.

Kijana_wa_Makole
Na kama ni ya haraka kweli? Mgonjwa wa rufaa, msiba wa mtumishi?

Mkaguzi_Mstaafu
Unaichukua mbele yake na kwa ruhusa yake: "Mama, hii ya msiba niishike?" Akikubali, masjala inaandika imehama meza na sababu. Mwisho wa mwezi mkiona zilizohama zote zinaelekea upande mmoja, mna jambo la kuzungumza tena. Zisizoandikwa ndizo zinazorudisha kinyongo.

Hombolo84
Mimi bado nasema mweka hazina angejulishwa mapema. Yeye ndiye mwenye dawati. Mnagawana idara bila kumwambia, kesho ofisa analalamika, mnaulizwa kwa idhini ya nani?

MamaKizota
Akianza kwa mweka hazina, Mama F atasikia kabla ya saa sita mchana, na atasikia toleo la mtu mwingine. Aanze na mama. Wakishakubaliana waende wote wawili na ile karatasi.

Hombolo84
Na asipokubali? Watakaa wanavutana mpaka Juni 20?

Mkaguzi_Mstaafu
Hombolo hapo ana hoja, na tusimkatae kwa sababu ya lile daftari la siri. Mimi ningeweka mpaka: mazungumzo mara mbili, wiki moja katikati. Yakishindikana, kwa mweka hazina unakwenda na ombi la mgawanyo wa idara kabla ya kufunga mwaka, si na habari za Mama F. Na mwambie Mama F kabla hujaenda: "Mama, nitamwomba mweka hazina atugawie yeye." Nakubali wengine wangeanza huko moja kwa moja, hasa mkubwa akiwa mtu wa busara. Inategemea mkubwa mwenyewe.

ZabibuChungu
Swali la kweli sasa, si utani. Kama shida ni mfumo, si bora wagawane kwa hatua? Mama akague karatasi zote, kijana aingize zote. Kila mtu anafanya anachokiweza.

Mkaguzi_Mstaafu
Si wazo baya, na ukaguzi wa karatasi wa mtu mzoefu ni mali. Wasiwasi wangu ni miwili. Kijana akiumwa siku mbili mwishoni mwa Juni, hakuna wa kuingiza, malipo yote yamesimama. Na anayeingiza bila kukagua anaanza kuamini tiki nyekundu bila kusoma. Ningefanya hivyo kwa mwezi mmoja tu, huku mama akiingiza zake nyepesi tano kwa siku ili azoee.

MamaKizota
Mimi ningekubaliana na Zabibu zaidi ya hapo. Kumlazimisha mtu wa miaka hamsini na kitu apambane na mfumo mwezi wa Juni ni kuomba makosa. Azoee Julai, vocha zikiwa chache.

Nkuhungu_Kwetu
Nimezungumza naye leo, Jumatano asubuhi. Nilitumia karibu maneno yaleyale ya Mkaguzi. Alinyamaza kwanza, na kweli nilikaribia kusema "si neno". Kisha akafungua droo akanionyesha miwani iliyovunjika mkono. Anasoma karatasi kwa kuisogeza mbali, lakini kompyuta haisogei. Pia akasema orodha za posho zinamtoa nje ya mfumo katikati, anaanza upya. Sikujua yote mawili.

Amechagua afya, kilimo na utawala. Hizo kwa kipimo ni kama 88 kwa wiki mbili, na usuluhisho wa benki umebaki kwake. Lile la kugawana kwa hatua nimelitaja, akasema "tutaangalia" 😅

Kitu kimoja sijakimaliza. Mweka hazina anamtuma nje mara mbili tatu kwa wiki, na hilo siwezi kulizungumza mimi.

MamaKizota
Hilo mwachie yeye alitaje mkienda na karatasi. Muandikie tu mstari mmoja chini ya idara zake: "kazi za nje kwa maelekezo". Mweka hazina akiusoma atauliza ni nini.

Mkaguzi_Mstaafu
Na skrini: maandishi yanaongezwa ukubwa kwenye kivinjari kwa kubonyeza `Ctrl` na `+` pamoja, kurudisha ni `Ctrl` na `0`. Ya kutolewa nje: mara nyingi ukurasa ukikaa muda bila kuguswa mfumo unakufunga. Orodha ya watu 35 asiiandike moja kwa moja kwenye mfumo huku analinganisha na karatasi. Amalize kulinganisha kwanza, ndipo afungue mfumo aingize kwa mfululizo. Kama bado anatolewa, mtu wa TEHAMA aangalie mtandao wa ile kompyuta.

Hombolo84
Likizo je? Mmoja akiondoka Juni idara zake zinakwenda wapi?

Mkaguzi_Mstaafu
Zinahamia kwa mwenzake kwa maandishi, na tarehe ya kurudi imewekwa palepale kwenye karatasi. Bila tarehe ya kurudi hazirudi.